Uzi: Hadithi fupi ya Kiitaliano ya kujifunzia nyakati zilizopita, kitenzi kimoja kimoja (ngazi ya kati ingieni)

#1 Binti_Pangani

Habari za jioni wakuu. Kuna watu humu wamemaliza ngazi ya mwanzo ya Kiitaliano na jedwali za vitenzi wamezishika kichwani, lakini ukiwaambia wasimulie tu asubuhi yao ilivyokwenda wanakwama kila sentensi: hapa niweke imperfetto au passato prossimo?

Nimewaandikia kisa kifupi cha abiria wa kike pale Perugia. Nimezipa sentensi namba ili tukibishana tujue tunabishania nini.

1. Quella mattina pioveva e faceva freddo.
2. Dovevo prendere il treno delle sette per Roma, ma la sveglia non ha suonato.
3. Quando sono arrivata alla stazione, il treno era già partito.
4. Ho aspettato due ore.
5. Sulla panchina era seduta una signora anziana che leggeva il giornale.
6. Mentre aspettavamo, mi ha raccontato di suo nonno, che nacque a Palermo e a vent'anni partì per l'Argentina.
7. Finalmente siamo salite sul treno.
8. Dopo Spoleto è passato il controllore e mi ha chiesto il biglietto: non l'avevo timbrato.
9. Non sapevo che si doveva timbrare.
10. Ho dovuto pagare la multa, e l'ho pagata in contanti.
11. La signora, che il suo l'aveva timbrato, guardava fuori dal finestrino e sorrideva.

Kwa Kiswahili: Asubuhi ile mvua ilikuwa inanyesha na kulikuwa na baridi. Nilitakiwa nipande treni ya saa moja kwenda Roma, ila saa ya kuniamsha haikulia. Nilipofika stesheni, treni ilikuwa imeshaondoka. Nikasubiri saa mbili. Kwenye benchi alikuwa amekaa bibi mmoja, anasoma gazeti. Tulipokuwa tukisubiri akanisimulia habari za babu yake, aliyezaliwa Palermo, akaondoka kwenda Ajentina akiwa na miaka ishirini. Hatimaye tukapanda treni. Tulipopita Spoleto akaja mkaguzi, akaniomba tiketi, na nilikuwa sijaigonga muhuri. Sikujua kwamba inatakiwa kugongwa. Ikabidi nilipe faini, nikailipa taslimu. Yule bibi, ambaye ya kwake alikuwa ameigonga, alikuwa anatazama nje dirishani huku anatabasamu.

Hoja yangu naiweka mezani mapema. Mwenye mazoea ya kusema "-li- ni passato prossimo, -likuwa- ni imperfetto" ataumia kwenye hadithi hii hii. Naanza na sentensi nne za kwanza, nyingine nitarudi.

"Pioveva" na "faceva": hali ya hewa ilikuwepo kabla sijafungua macho. Ni kama kuingia sebuleni ukakuta runinga inaongea. Hujui iliwashwa lini na haikuhusu. Hiyo ndiyo imperfetto.

"Dovevo prendere": nilitakiwa kupanda. Kitenzi hiki peke yake hakisemi kama nilipanda au sikupanda, msikilizaji anabaki anangoja. Linganisheni na sentensi ya 10, "ho dovuto pagare": hapo pesa imeshatoka mfukoni, hakuna cha kungoja.

"Non ha suonato": saa ilikuwa na wakati wake wa kulia, wakati ukapita, haikulia. Tukio la kukosekana nalo ni tukio.

"Sono arrivata" na "era già partito": mimi nilifika, treni ilitangulia kuondoka. Trapassato kazi yake ni kurudi nyuma ya tukio ambalo lenyewe limeshapita.

"Ho aspettato due ore": hii naiacha hapo makusudi. Nani anaweza kueleza kwa nini si "aspettavo"?

#2 Chocho la Pili

Faceva freddo… nani alikuwa anafanya baridi? Mnisamehe, mimi na kitenzi fare hatuelewani.

#3 Kapteni Watamu

Saluti kutoka pwani ya Kenya. Mimi nimeongea na Wataliano ufukweni miaka na mikaka na sijafungua kitabu hata kimoja. Huku Watamu na Malindi mtoto wa umri wa kuuza vikuku anakwambia "ho aspettato" bila kujua jina lake. Sikio ndilo mwalimu. Hizo namba na majedwali zinawafanya muongee kama mnatoa ushahidi kortini.

Chocho, hakuna anayefanya baridi. Fa caldo, fa freddo, fa bel tempo. Iache hivyo ilivyo, usiiulize baba yake ni nani.

#4 Mzee Kirakashi

Swali la sentensi ya 4 ni rahisi. Kitu kilichochukua muda mrefu ni imperfetto, cha ghafla ni passato prossimo. Mvua ilinyesha muda mrefu, "pioveva". Mkaguzi alitokea ghafla, "è passato". Binti, kwa kanuni hii ulitakiwa uandike "aspettavo due ore", maana saa mbili kwenye baridi si jambo la ghafla. Hariri hapo.

#5 Binti_Pangani

Mzee shikamoo. Sihariri. "Ho vissuto a Roma dieci anni" ni Kiitaliano safi, na miaka kumi ni mirefu kuliko saa mbili za benchi. Urefu hauamui chochote.

#6 Mzee Kirakashi

Marahaba. Basi kinachoamua ni nini?

#7 Mnyoofu

Nijibu mimi. Kinachoamua ni kama umeufunga muda au umeuacha wazi. Ukitaja idadi kamili, "due ore", "dieci anni", "tutto il giorno", umeshaweka mwanzo na mwisho, na tendo linahesabiwa kama kitu kimoja kizima. Passato prossimo.

Tazama sasa sentensi ya 4 na ya 6 kwa pamoja. Ni kusubiri kule kule, benchi lile lile, mvua ile ile. Kwenye ya 4 msimuliaji yuko nje ya zile saa mbili, anazitaja zikiwa zimekwisha: "ho aspettato". Kwenye ya 6 ameturudisha ndani yake, bado hazijaisha, na katikati yake bibi anaanza kusimulia: "mentre aspettavamo". Tendo halijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali aliposimama anayesimulia.

Na "aspettavo due ore" ya Mzee si kosa kila mahali. "Ogni mattina aspettavo due ore l'autobus", kila asubuhi nilikuwa nasubiri basi saa mbili. Hapo ni mazoea, idadi ya asubuhi haijafungwa. Ila kwa asubuhi moja, haikubaliki.

Kuna na ya tatu inayowachanganya wengi: "aspettavo da due ore quando è arrivato il treno". Hiyo "da" inasema nilikuwa na saa mbili tayari na bado naendelea, treni ndiyo ikaja kunikatiza. Ukiona "da" ya namna hiyo kwenye habari iliyopita, tegemea imperfetto. Mzee, nadhani ndiyo uliyokuwa nayo kichwani.

#8 Chocho la Pili

Kwa hiyo treni ya "delle sette" ni ya saa moja? Kuna rafiki yangu Zanzibar aliwaambia wageni wa Kiitaliano "alle sette" akimaanisha saa saba mchana. Wakamgongea mlango asubuhi ndiyo kwanza kumepambazuka.

#9 Kapteni Watamu

Hahaha, huyo si wa kwanza. Hapa kwetu nahodha anapoandika saa kwenye ubao anachora na jua pembeni.

#10 DadaCatania

Mimi nipo Sicilia, namhudumia mama mmoja mzee nyumbani kwake. Swali langu ni la sentensi ya 6. Darasani tulifundishwa kwamba passato remoto ("nacque", "partì") ni ya vitabu na ya mambo ya kale. Sasa huyu mama asubuhi ananiambia "stamattina mi telefonò mia figlia". Asubuhi ya leo hii! Simu imekatwa dakika kumi zilizopita! Nikasema labda umri. Nikaenda dukani, muuza mboga naye vilevile. Je, niwaige au nitafeli mtihani?

#11 Binti_Pangani

Mama yako hana tatizo lolote dada. Sicilia ndivyo wanavyozungumza, remoto inatumika hata kwa jambo la leo. Ukipanda kaskazini, Milano au Torino, watu wa kawaida mdomoni hawaitumii karibu kabisa. Hata ya utotoni mwao wanasema "sono nato", "sono andato". Toscana ndiko wanakoitenganisha kama vitabu vinavyotaka: ya leo "sono andato", ya zamani iliyokwisha "andai". Kwenye mtihani andika kama Toscana, nyumbani msikilize mama.

Kwenye hadithi nimeiweka kwa babu tu, kwa sababu maisha yake yamefungwa na hayagusi asubuhi ile ya stesheni. Ndivyo wanavyoandika pia habari za watu wa kale: Dante "nacque a Firenze nel 1265". Ningeandika "che è nato a Palermo e a vent'anni è partito" hakuna ambaye angenipiga jiwe.

Kuitambua unaposoma ndilo jambo kubwa kuliko kuitumia. "Nacque" usipojua kwamba ni nascere utaitafuta kwenye kamusi mpaka kesho. Inayopinda ni ya mimi, yeye na wao tu: nacqui, nacque, nacquero. Zilizobaki zinatulia: nascesti, nascemmo, nasceste.

#12 Mnyoofu

Sikubaliani na hoja ya msingi ya uzi, Binti. Unasema njia ya Kiswahili inapoteza. Mimi nasema mmeshika kiambishi kisicho chenyewe. Acheni -li-, shikeni -ka-.

Simulia hadithi kwa Kiswahili kama unavyosimulia barazani. Kitendo kinachosogeza kisa mbele utakiweka kwenye -ka- bila kufikiri: nikasubiri, akanisimulia, tukapanda, akaja mkaguzi, akaniomba, nikailipa. Sasa angalia Kiitaliano chake: ho aspettato, ha raccontato, siamo salite, è passato, ha chiesto, ho pagato. Vyote passato prossimo! Na visivyokubali -ka- ndivyo imperfetto. Jaribu "mvua ikanyesha": maana imebadilika, mvua imeanza sasa hivi. "Bibi akasoma gazeti": amelichukua sasa. Si ilivyokuwa.

Tena kipimo hiki kinatatua sapere, ambayo inawatoa watu jasho. "Nilikuwa najua" ni "sapevo". "Nikajua" ni "ho saputo", maana yake habari imenifikia. Conoscere vilevile: "nilikuwa namfahamu" ni "lo conoscevo", "nikafahamiana naye" ni "l'ho conosciuto".

Binti mwenyewe ametafsiri hadithi yake kwa -ka- kibao halafu anatuambia Kiswahili hakisaidii.

#13 Kapteni Watamu

Mnyoofu leo ameamka vizuri. Hii nimeipenda.

#14 Mzee Kirakashi

Nimeijaribu hii ya -ka- na naiona nzuri, lakini sentensi ya 2 inanigomea. "Haikulia". Hapo -ka- iko wapi?

#15 Binti_Pangani

Mzee umegusa penyewe. Kipimo cha -ka- ni kizuri, ila kina mashimo, na kwenye ukanushi hakisemi kitu. Ukikanusha, Kiswahili kinarudi kwenye "haiku-" na "siku-" kwa kila kitu. "Haikulia" na "sikujua" kwa Kiswahili zimevaa nguo moja. Kiitaliano kinazitenga: "non ha suonato" lakini "non sapevo". Saa ilikosa kulia kwa mara moja, wakati wake ulipofika. Kutojua kwangu hakukuwa na saa, kulikuwepo tangu nilipotia mguu Italia. Hapo hakuna kiambishi cha kukuokoa, lazima ujiulize: ilikosekana mara moja, au ndivyo hali ilivyokuwa?

Shimo la pili ni maongezi ya kawaida yasiyo hadithi. "Umekula?" "Nimekula." Hiyo ni "hai mangiato?" "ho mangiato", na -ka- haipo popote. Passato prossimo imebeba kazi za -li-, -me- na -ka- zote peke yake.

Shimo la tatu ndilo lililonifanya niandike sentensi ya 5. "Alikuwa amekaa bibi mmoja." Mwanafunzi Mswahili anaona "alikuwa ame-" anakumbuka "ilikuwa imeondoka" ya treni, anaandika trapassato: "si era seduta una signora". Sarufi haina kosa, ila umesema kitu kingine: bibi alikuwa ametangulia kufanya kitendo cha kuketi. Mimi nilitaka kusema alikuwa kitako pale. Hiyo ni "era seduta", imperfetto ya essere na hali aliyonayo.

Kiswahili chetu kinatumia -me- kwa vitu viwili. Kuna -me- ya tendo lililokwisha (ameondoka, amelipa) na -me- ya hali aliyomo mtu (amekaa, amesimama, amelala, amevaa). Ukiwa na "alikuwa ame-", jiulize kama mtu yuko bado kwenye hali hiyo mbele ya macho yako. "Alikuwa amelala" kwa kawaida ni "dormiva". "Alikuwa amesimama" ni "stava in piedi" au "era in piedi". "Alikuwa amevaa koti" ni "portava il cappotto". Treni iliyoondoka haipo mbele ya macho yangu, kwa hiyo "era partito".

#16 Mnyoofu

Kwenye ukanushi nakupa. Kwenye maongezi nilishasema "simulia", sikusema "ongea". Na hilo la "alikuwa amekaa" halipingi -ka-, linapinga -likuwa-. Kipimo changu kinasema "akakaa" haifai pale, basi si passato prossimo. Kimefanya kazi.

#17 Binti_Pangani

Kimekwambia si prossimo, hakijakwambia kati ya imperfetto na trapassato ni ipi. Nusu ya kazi.

#18 Chocho la Pili

Nusu ya kazi ni nusu ya mshahara, mlipeni.

Mimi nimekwama kwingine: sentensi ya 7, "siamo salite". Kwa nini inaishia na -e? Na mbona kuna mahali niliona "ho salito"?

#19 DadaCatania

Waliopanda ni wanawake wawili, ndiyo maana "salite". Angekuwepo mwanamume mmoja kati yao, ingekuwa "saliti". Mama yangu hapa hanisamehi hiyo kabisa.

"Ho salito" ipo pale unapotaja kitu unachokipanda chenyewe: "ho salito le scale", nimepanda ngazi. Kwenye treni ni "sono salita sul treno". Scendere ni vilevile. Correre nayo ina sura mbili: "ho corso" nilipokuwa nakimbia tu kwa mazoezi, "sono corsa a casa" kama nilikimbilia nyumbani.

#20 Kapteni Watamu

Mimi miaka yote nasema "ho andato" na wanapanda mashua.

#21 DadaCatania

Wanapanda kwa sababu wanataka kuona pomboo, kaka. "Sono andato". Kwenda, kuja, kufika, kuondoka, kuzaliwa, kubaki: andare, venire, arrivare, partire, nascere, restare, zote zinakwenda na essere. Hizo zishike, nyingine utazichukua njiani.

#22 Binti_Pangani

Asante dada, umenipunguzia. Namalizia sentensi zilizobaki.

"Leggeva", "guardava", "sorrideva": picha ya bibi. Sentensi ya 11 nimeifunga kwa imperfetto kwa makusudi. Ningeandika "ha sorriso", ningemaanisha kwamba alitabasamu baada ya faini, kama jibu. Kwa "sorrideva" hujui alianza lini. Inawezekana alikuwa anatabasamu tangu mkaguzi anaingia behewani. Kitenzi kile kile, bibi amekuwa mbaya zaidi.

"Non l'avevo timbrato", "l'aveva timbrato": kugonga muhuri kunafanyika stesheni, kabla ya kupanda, kwenye kile kimashine cha ukutani. Hadithi imeshafika Spoleto, kwa hiyo ni kurudi nyuma. Trapassato. Ukisema "non l'ho timbrato" nayo utaisikia, lakini hayo ni maneno ya kumwambia mkaguzi pale pale uso kwa uso, si ya kusimulia baadaye.

"Si doveva timbrare": kanuni ilivyokuwa. Haina mwanzo wala mwisho ndani ya kisa.

"L'ho pagata": hapa Waswahili tuna bahati. Kama ilivyo "faini nimeilipa", ambapo "i" inaishika faini, Kiitaliano nacho kikitanguliza "la" mbele ya kitenzi, mwisho wa kitenzi unaifuata: pagata. Faini ikibaki nyuma, "ho pagato la multa", hakuna kinachobadilika. Ndiyo maana tiketi, il biglietto, ikatoa "l'avevo timbrato" kwa -o. Kwenye maandishi l' inaficha kama ni lo au la. Herufi ya mwisho ndiyo inayoonyesha.

"Ho dovuto": pagare ni ya avere, basi dovere nayo imefuata avere. Ingekuwa kuondoka, "sono dovuta partire".

#23 Mzee Kirakashi

Hii ya mwisho naikataa kidogo. Nimewasikia Wataliano wenyewe, wa kuzaliwa, wakisema "ho dovuto partire".

#24 Binti_Pangani

Utawasikia sana, na hakuna atakayewashika. Kitabu kinapendelea "sono dovuta partire". Kwenye insha ya mtihani fuata kitabu.

#25 Mnyoofu

Tukiwa hapo hapo, sentensi ya 2: "la sveglia non ha suonato". Mimi ningeandika "non è suonata". Saa haichezi ala, inalia yenyewe.

#26 DadaCatania

Hapa nyumbani nasikia "è suonata". "È suonata la sveglia, alzati!"

#27 Binti_Pangani

Zote mbili zipo na zote zinakubalika. Kengele na saa vinakubali avere na essere.

#28 Mnyoofu

Zinakubalika, ila moja inapendeza.

#29 Chocho la Pili

Wakuu nimejaribu ya kwangu, msicheke:

"Ieri faceva caldo. Sono andato al mercato. Volevo comprare il pesce, ma il pesce finiva. Ho conosciuto il venditore, perché è mio vicino. Il tonno è costato dieci euro, così non l'ho comprato."

#30 DadaCatania

Chocho umejitahidi kweli. "Volevo comprare" iko sawa kabisa, ulitaka, na tunangoja tujue kama ulipata.

"Il pesce finiva" inamaanisha samaki walikuwa wanaelekea kuisha, ungekimbia ungewahi. Kama walikuwa wameshaisha, "era finito". Hapo ni kama treni ya Binti.

#31 Mnyoofu

"Ho conosciuto il venditore" umesema ulikutana naye kwa mara ya kwanza jana hiyo hiyo sokoni. Jirani yako! "Conoscevo il venditore". Ungepitisha -ka- ungejishtukia.

Na "è costato dieci euro" maana yake umelipa. Mtu haulizwi tena. Bei iliyoandikwa pale mezani, ambayo ilikushinda ukaondoka, ni "costava dieci euro". Ukiwaambia "è costato… non l'ho comprato" watakuuliza ulilipia nini.

#32 Kapteni Watamu

Hiyo ya costava naichukua. Mgeni akiniambia "costava troppo" najua hakununua, nina nafasi ya kumpa bei yangu. Akisema "è costato troppo" nimechelewa, pesa imekwenda kwa mwenzangu.

#33 Mzee Kirakashi

Samaki walikuwa wameisha, lakini tonno alikuwepo kwa euro kumi? Chocho, hadithi yako ina matatizo kabla ya vitenzi.

#34 Chocho la Pili

Tonno ni wa kopo, Mzee.

Lakini hakuna aliyegusa sentensi yangu ya kwanza. "Ieri faceva caldo" nimepatia?

#35 Mzee Kirakashi

Kwa kanuni ya Mnyoofu ya muda uliofungwa, jana ni siku moja, imekwisha, ina mwanzo na mwisho. Ilitakiwa "ieri ha fatto caldo".

#36 Mnyoofu

Zote mbili zinasemwa. "Ha fatto caldo" ni kama anaitolea jana nzima taarifa na kuifunga. "Faceva caldo" anatandika mahali pa kuweka kisa chake cha sokoni. Kwa kuwa amefuatiliza na "sono andato", yuko sawa.

#37 Binti_Pangani

Yuko sawa, ila sababu siyo kwamba kuna "sono andato" mbele. Hata angeandika "ieri faceva caldo" na kunyamaza, Mtaliano angengoja aambiwe kilichofuata. Hiyo tofauti inatoka kwenye imperfetto yenyewe.

#38 Mnyoofu

Umesema nilichosema kwa maneno mengine.

#39 Binti_Pangani

Hapana, wewe umeifanya itegemee sentensi ya pili. Chukua "ieri sono stata malata" na "ieri ero malata". Ya kwanza anakueleza jana yake. Ya pili anajitetea kwa kitu ambacho hakufanya jana, hata kama hajakitaja.

#40 DadaCatania

Mama hapa nimemuuliza hiyo hiyo. Amesema yeye angesema "ieri fui malata" na tusimsumbue.